Kikombe cha Bibi

Idi ya mwaka juzi wajukuu tulichangishana tukamnunulia bibi simu ya kupangusa. Aliipokea kwa mikono miwili, akatuombea dua, akaifunga kwenye kanga akaiweka kabatini. Haikutoka tena. Kioo laini hakimwambii kitu mtu asiyeona vizuri, maana kidole hakijui kimegusa wapi mpaka kitu kisichotakiwa kimeshafunguka.

Safari iliyofuata nikampelekea kitochi. Kitufe cha 5 kina kinundu kidogo, na ukikipata hicho umepata vyote: juu yake 2, chini 8, kushoto 4, kulia 6. Simu nyingi za aina hiyo hukubali kuhifadhi namba kwenye kitufe kimoja, ukikishikilia inapiga yenyewe. Mama tukamweka juu, mjomba kushoto, mimi kulia. Nambari 1 tuliiacha, kwa kuwa mara nyingi ni ya ujumbe wa sauti.

Mlio nao tuliubadilisha. Uzee huanza kuondoa sauti nyembamba, ndiyo maana bibi alikuwa hausikii mlio mkali wa ndege lakini ngoma ya jirani anaisikia. Tukachagua mlio mzito. Kumpigia kelele hakusaidii sana pia. Anayezungumza taratibu akimtazama, kwenye mwanga, anaeleweka zaidi.

Zawadi iliyompendeza kuliko zote ilikuwa ya bei ndogo kabisa: vikombe viwili. Bibi alikuwa akimwaga chai ya maziwa mezani, tukadhani mikono inatetemeka. Kumbe vikombe vyetu vyote vilikuwa vyeupe, na maziwa ndani ya weupe hayana ukingo. Nilimnunulia kimoja cha buluu iliyokoza hadi ndani kwa chai ya maziwa, na cheupe akabaki nacho kwa chai ya rangi. Sahani za maua tukaziondoa kimyakimya, kwani maharage yalikuwa yakijificha kwenye maua. Hatukumwambia kuwa ni kwa sababu haoni. Tulisema ni vikombe vipya, basi.

Kuna zawadi inayopaswa kutangulia hizi zote, nayo ni nauli ya kwenda kwa daktari. Mzee anayelalamika kwamba jua linamchoma macho na rangi zimefifia huenda ana mtoto wa jicho, na hilo hupasuliwa, lenzi iliyopata ukungu ikatolewa na kuwekwa ya bandia. Hata uziwi wakati mwingine ni nta tu iliyoziba sikio. Bibi jicho la kulia lilipasuliwa likarudi. La kushoto lilikuwa limeharibiwa na presha ya macho, na iliyochukuliwa na presha hairudi.

Siku hizi ananipigia yeye, saa 11 alfajiri, kuniuliza kama nimeshaamka.