Mwandikie Sonara Unene Pia

Mchoro wa kidani humwonyesha sonara umbo, lakini bei huifuata dhahabu itakayotumika, na barua nyingi husahau kutaja unene. Chukua kidani cha duara cha karati 18, upana milimita 25. Kikiwa na unene wa milimita 1 kitakula takriban gramu 7.6, kikifika milimita 1.5, zaidi ya gramu 11. Kwa hiyo andika hivi:

“Fundi, salaam. Mchoro ni wa ukubwa halisi. Nataka karati 18, unene milimita 1. Bajeti ni shilingi 3,000,000 pamoja na ujira. Isipotosha, usishushe karati kabla ya kuniuliza. Harusi ni Desemba 20, nakihitaji Desemba 10.”

Siku kumi hizo ni za marekebisho.