Kipandauso na fukuto: siku ambazo hatuzihesabu

Februari na Machi, kabla masika haijaanza, fukuto hutawala mwambao wa Afrika Mashariki. Jasho halikauki mwilini, usingizi unakuja kwa vipande, na aliyelala bila feni anaamka amechoka kuliko alivyolala. Ndio msimu ambao watu wenye kipandauso husema, "Hewa imekuwa nzito, leo kichwa hakiniachi." Wengine hulaumu mvua inayojikusanya, wengine jua la saa saba. Je, wanayoyasema yana ukweli?

Kipandauso si kichwa cha kawaida. Maumivu yake hupwita, mara nyingi upande mmoja, na yasipotibiwa hudumu kati ya saa 4 na siku 3. Huandamana na kichefuchefu, na mwanga au kelele humkera mgonjwa hadi atafute chumba chenye giza. Chanzo chake kimo ndani ya ubongo wenyewe, na mara nyingi ugonjwa huu hurithiwa katika familia. Kwa hiyo hakuna anayesema hali ya hewa ndiyo inayouleta. Kinachobishaniwa ni kama inaweza kumwamshia maumivu mtu ambaye tayari anao.

Ukiwauliza wagonjwa, jibu ni ndiyo. Mwaka 2007 yalichapishwa majibu ya wagonjwa 1,207 nchini Marekani, na zaidi ya nusu yao walitaja hali ya hewa miongoni mwa vichocheo vyao. Lakini hayo yalikuwa majibu ya kumbukumbu, na kumbukumbu ya mtu aliyeumwa ina upendeleo wake.

Watafiti wa jimbo la Connecticut walikuwa wameupima upendeleo huo mwaka 2004. Walichukua kalenda za maumivu za wagonjwa 77 na kuzilinganisha na kumbukumbu za kituo cha hali ya hewa. Wagonjwa 48 waliamini kwamba hali ya hewa huwaumiza kichwa. Kalenda zilipochambuliwa, uhusiano ulionekana kwa wagonjwa 39. Hivyo imani haikuwa uzushi, ila ilikuwa pana kuliko ushahidi.

Pengo hilo linatokana na jinsi tunavyohesabu. Tuchukue mfano wa kubuni wa mama mmoja wa Mombasa. Katika siku 90 za msimu wa joto ameumwa kipandauso mara 12, na mara 8 kati ya hizo zilikuwa siku za fukuto kali. Theluthi mbili! Nani atambishia akisema fukuto ndilo adui yake? Sasa tuhesabu pia siku alizokuwa mzima. Katika msimu huo siku za fukuto zilikuwa 60, na siku zenye nafuu 30. Ameumwa mara 8 katika siku 60, na mara 4 katika siku 30. Kote ni mara 2 kwa kila siku 15. Fukuto halikumwongezea chochote. Lilikuwepo tu siku nyingi. Zile siku 52 za fukuto alizokwenda sokoni na kurudi salama hazikumkaa akilini, maana hakuna anayekumbuka siku ambayo kichwa hakikuuma.

Tafiti nzuri ni zile zinazohesabu siku zote, za maumivu na za uzima. Mbili kati ya hizo zilifanyika Boston. Ya kwanza, ya mwaka 2009, iliwafuatilia watu zaidi ya 7,000 waliokwenda idara ya dharura kwa maumivu ya kichwa ya aina mbalimbali. Kila joto lilipopanda kwa nyuzi 5 za Selsiasi, uwezekano wa kufika hospitalini katika saa 24 zilizofuata uliongezeka kwa asilimia 7.5. Ya pili, ya mwaka 2019, ilihusu watu 98 wenye kipandauso waliojaza taarifa kila siku kwa wiki sita hivi. Katika miezi ya joto, unyevu wa hewa ulipopanda kwa alama 26 hivi za asilimia, uwezekano wa kipandauso kuanza ulipanda kwa asilimia 28.

Asilimia 28 inasikika kubwa, lakini tuifasiri. Kwa mgonjwa ambaye katika siku 100 kipandauso humwanzia siku 20, ongezeko hilo lingemfikisha kwenye siku 24 hivi. Si kidogo kwa anayeumwa, lakini pia halimaanishi kwamba kila siku yenye unyevu italeta maumivu.

Kwingineko matokeo ni hafifu zaidi. Huko Vienna, wagonjwa 238 walijaza shajara kwa siku 90, na utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ukahitimisha kwamba athari ya hali ya hewa ni ndogo na ya kutiliwa shaka. Sababu mojawapo ya kutofautiana huku ni kwamba wagonjwa hawafanani. Mjini Calgary, Kanada, huvuma upepo wa joto unaoitwa chinuki. Mwaka 2000, kati ya wagonjwa 75 waliochunguzwa huko, 32 walionyesha kuathirika nao. Baadhi yao waliumwa siku moja kabla upepo haujafika, wengine siku ulipovuma kwa nguvu, na wawili tu waliathirika na hali zote mbili. Ukiwachanganya wote na kutafuta wastani, ukweli wa mmoja mmoja unapotea.

Kuna mtego mwingine. Saa kadhaa kabla maumivu hayajafika, kipandauso huwa kimeshaanza: mgonjwa hupiga miayo, shingo hukakamaa, na mwanga humkera. Akitoka nje wakati huo, jua humchoma macho kuliko kawaida, na kichwa kikiuma baadaye atasema jua limemwanzishia. Huenda jua lilikuwa la kila siku, na macho yake ndiyo yaliyokwisha kubadilika.

Tafiti nyingi zimefanyika nchi za baridi, ambako mgandamizo wa hewa hushuka sana dhoruba inapokaribia. Karibu na ikweta, mabadiliko ya siku hadi siku ni madogo. Hewa hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, kwa utaratibu uleule. Kwa hiyo mkazi wa Dar es Salaam au Tanga ana sababu zaidi ya kuchunguza joto, unyevu, na vile vinavyoandamana navyo: usiku wa kukosa usingizi, kiu, na mlo ulioahirishwa kwa sababu hamu haipo.

Chukua daftari na uandike kila jioni kwa miezi mitatu, hata siku ukiwa mzima: kichwa kimeuma au la, saa ngapi, umelalaje, umekula na kunywa nini, umetumia dawa gani, na hedhi kwa wanawake. Usiandike hali ya hewa kwa kukisia. Andika ya kichwa kwanza, kisha mwisho wa mwezi linganisha na takwimu za mamlaka ya hali ya hewa, ili imani yako isiongoze kalamu.

Na si kila kichwa cha wakati wa joto ni kipandauso. Kikiambatana na homa, pima malaria. Kikija baada ya kazi ya juani, pamoja na kizunguzungu na udhaifu, ingia kivulini, poza mwili na unywe maji. Ukianza kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura. Maumivu ya ghafla yasiyo na mfano, au shingo iliyokakamaa pamoja na homa, yapelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Kwa hiyo hali ya hewa ina sehemu yake, ndogo, na kwa baadhi ya watu tu. Hatuwezi kuzima kaskazi, lakini dawa za kuzuia kipandauso zipo, propranololi ikiwa mojawapo, ingawa haiwafai wenye pumu. Ukiumwa siku nne au zaidi kwa mwezi, au ukijikuta unameza dawa za maumivu siku kumi au zaidi kwa mwezi, nenda kwa daktari na daftari lako mkononi. Dawa za maumivu zikizidi, zenyewe huleta kichwa, hata siku ya baridi.