Pale Google Inapoonyesha Kwamba Hakuna Anayetafuta

Mwandishi wa masomo ya mtandaoni kwa Kiswahili akifungua Keyword Planner, chombo cha Google kinachokadiria neno fulani linatafutwa mara ngapi kwa mwezi, mara nyingi hukuta kistari kitupu. Akihamia Google Trends anaambiwa takwimu hazitoshi. Wengi huishia hapo na kwenda kuandika jambo jingine, na swali la mfugaji ambaye mayai yake hayajaanguliwa hubaki bila jibu.

Kistari kile hakina maana kwamba hakuna anayeuliza. Vyombo hivi huhesabu maneno, na Kiswahili hutawanya haja moja katika maneno mengi. Chukua somo la mashine ya kutotolesha vifaranga. Mmoja ataandika `mashine ya kutotolesha vifaranga`, mwingine `mashine ya kuangulia mayai`, wa tatu `incubator ya mayai 60`, na wa nne ataandika kilio chake kizima: `mayai hayajatotoa siku ya 22`. Kitenzi kinabadilika kwa nafsi, wakati na ukanushi, na kila umbo huweza kuhesabiwa peke yake. Tuseme maumbo hayo yapo 12, na kila moja lina watafutaji wanane kwa mwezi. Kwenye chombo utaona mistari mitupu 12, ilhali kuna watu karibu 100 wenye haja ileile. Kwa hiyo kinachofaa kutafutwa ni kundi la maswali yanayoizunguka haja hiyo, hata kama hakuna neno moja lenye idadi kubwa.

Pa kuanzia ni kisanduku cha Google chenyewe. Fungua dirisha la faragha, ili historia yako isiingilie mapendekezo, kisha andika `mayai ya kuku` na uache nafasi bila kubonyeza kitufe cha kutafuta. Soma yanayopendekezwa. Ongeza herufi `h`, halafu `k`, halafu `y`, uone mapendekezo yanavyobadilika. Baadaye tanguliza neno la kuuliza: `kwa nini mayai`, `jinsi ya kupima mayai`, `siku ngapi mayai`. Mapendekezo hayo yanatokana kwa kiasi kikubwa na yale ambayo watu wamewahi kuyaandika, kwa hiyo hata pendekezo moja ni ushahidi ambao Keyword Planner haikukupa. Rudia kwenye YouTube, kwa sababu mafunzo ya kazi za mikono hutafutwa sana huko. Nakili kila kitu kama kilivyoandikwa, pamoja na makosa ya tahajia.

Katika Kiswahili mapendekezo huisha upesi, na kile kisanduku cha maswali ambayo watu pia huuliza mara nyingi hakitokei kabisa. Hapo ndipo mada jirani zinaposaidia, na njia ninayoiamini kuliko zote ni kuifuata kazi yenyewe siku kwa siku. Yai la kuku huchukua siku 21. Kabla ya siku ya kwanza mfugaji anauliza yai lipi linafaa na linaweza kukaa muda gani kabla ya kuingizwa. Mashine ikiwashwa anauliza kuhusu joto, ambalo kwenye mashine yenye feni huwekwa karibu nyuzi 37.5 za Selsiasi. Wiki moja baadaye ameshika tochi gizani, anataka kujua yai lenye mishipa ya damu linaonekanaje na lile lisilo na mbegu linaonekanaje. Siku ya 18 anauliza kama aendelee kugeuza mayai. Siku ya 21 anauliza kwa nini kifaranga kimetoboa ganda kisha kikanyamaza. Kesho yake swali si la mashine tena: ni la joto la vifaranga, maji ya kwanza na chanjo ya kideri.

Huyu ni mtu mmoja, na mwezi mmoja unampitisha kwenye maswali saba au manane. Mwandishi aliyetega kwenye `incubator` peke yake anamkosa mara nyingi, na hata anapompata huenda ni siku alipokuwa akiuliza bei. Maswali ya siku ya 7, ya 18 na ya 21 yana watafutaji wachache zaidi, lakini anayeyaandika tayari ana mayai ndani ya mashine, naye atasoma mpaka mwisho.

Mapengo yanayobaki huweza kuzibwa kwa kutazama maswali ya somo hilohilo kwa Kiingereza, ambako yapo kwa wingi. Yapokee kwa uangalifu. Mengi yatahusu vipimo vya Farenhaiti au aina za kuku zisizopatikana kwetu, na swali zito kuliko yote huku huenda usilikute juu ya orodha: umeme ukikatika usiku kucha nifanye nini? Swali la namna hiyo utalipata kwenye kaunta ya duka la dawa za mifugo kabla hujalipata kwenye chombo chochote. Muuza duka hulisikia kila wiki, na husikia maneno halisi ambayo watu hulitumia.

Baada ya kukusanya unapaswa kuamua maswali yapi yakae ukurasa mmoja. Kanuni inayofundishwa sana ni kutafuta maneno mawili na kulinganisha matokeo kumi ya kwanza. Kurasa zikifanana kwa wingi, maneno hayo ni ya ukurasa mmoja. Katika lugha yenye maandiko machache kanuni hii hudanganya. `Kupima mayai kwa tochi` na `joto la vifaranga` huweza kuleta kurasa zilezile kwa sababu tu hakuna nyingine. Dalili yake ni kwamba vichwa vya matokeo havitaji kabisa ulichouliza. Ukiona hivyo, achana na kulinganisha, jiulize kama msomaji anahitaji majibu yote mawili saa ileile. Kugeuza mayai na unyevu wa siku ya 18 vinakaa pamoja. Chanjo ipewe ukurasa wake, wenye kiungo kutoka kwenye siku ya 21.

Uthibitisho unakuja ukurasa ukiwa tayari hewani. Google Search Console huonyesha maneno yaliyoufanya ukurasa wako uonekane, hata pale ambapo hakuna aliyebofya. Subiri miezi miwili au mitatu, kisha kwenye kichujio cha Query chagua `Custom (regex)` na uweke:

```
jinsi|namna|kwa ?nini|mbona|gani|lini|ngapi
```

Utabaki hasa na maneno ya kuuliza. Tafuta swali linalokuonyesha kwenye nafasi ya 8 mpaka 20 ilhali ukurasa wako haulijibu waziwazi. Google imekuweka hapo kwa kukosa bora zaidi. Liandikie aya yenye kichwa chake, au somo lake kama linajitegemea.

Kuna tahadhari moja. Search Console huficha maneno yaliyoandikwa na watu wachache sana ili kulinda faragha yao, na katika lugha yetu hayo huweza kuwa sehemu kubwa. Ondoa kichujio cha maneno, chuja kwa ukurasa tu, kisha linganisha jumla ya mibofyo na ile unayopata ukijumlisha maneno yaliyoorodheshwa. Ukurasa ukiwa na mibofyo 90 na orodha ikaeleza 35 tu, zile 55 nyingi zimetoka kwenye maswali ambayo hutaonyeshwa. Ukurasa kama huo usiufute kwa sababu orodha yake inaonekana fupi.