Uuze Kiasi Gani Ndipo Mradi Ulipe? Utangulizi

Mwaka 1971 kampuni ya Lockheed ya Marekani ilikuwa hoi. Fedha zilizotakiwa kuikamilisha ndege yake mpya ya abiria, L-1011 TriStar yenye injini tatu, zilikuwa zimekaribia dola bilioni moja, na mwezi Februari mwaka huohuo Rolls-Royce ya Uingereza, mtengenezaji wa injini zake, ilifilisika. Lockheed ikaiendea serikali ya Marekani kuomba idhaminiwe mkopo wa benki wa dola milioni 250. Mbele ya wabunge, wakubwa wa kampuni walieleza kuwa mradi ungejilipa zikiuzwa ndege kama 200 hivi. Seneti ilikubali kwa kura 49 dhidi ya 48.

Mwaka 1973 mchumi Uwe Reinhardt wa Chuo Kikuu cha Princeton alichapisha makala iliyoichambua ile 200. Aligundua kuwa kampuni ilijumlisha fedha zilizotoka na fedha zitakazoingia kana kwamba dola ya leo na dola ya baada ya miaka minane ni kitu kimoja. Alipoingiza gharama ya mtaji, kwa kiwango cha kama asilimia 10 kwa mwaka, idadi ya ndege zilizohitajika ilipanda hadi karibu 500. Hatimaye zilitengenezwa TriStar 250, kisha Lockheed ikaachana kabisa na biashara ya ndege za abiria. Gharama nazo zilipanda njiani, kwa hiyo si haki kuibebesha hesabu ile lawama yote. Lakini tazama: 250 ni zaidi ya 200, na bado mradi ulikuwa hasara.

Taaluma ninayokukaribisha hapa inaishi ndani ya pengo hilo, kati ya 200 na 500. Swali lake ni moja: ni kiasi gani cha mauzo, au bei ipi, inayoifanya thamani halisi ya sasa ya mradi iwe sifuri kamili? Thamani halisi ya sasa ni jumla ya fedha zote ambazo mradi utaleta, kila moja ikiwa imepunguzwa kulingana na muda wa kuisubiri, ukitoa mtaji uliowekwa. Ikiwa juu ya sifuri, mradi unalipa kuliko mahali pengine ambapo ungeweza kuweka fedha zako. Ikiwa chini, heri ungeziweka huko kwingine. Sifuri ndiyo mpaka.

Tuache ndege, tuchukue mradi ambao msomaji wa Singida anaweza kuugusa kwa mkono: mashine ya kukamua mafuta ya alizeti. Tarakimu ni zangu, za mfano tu. Mashine pamoja na kuifunga ni shilingi milioni 60. Itafanya kazi miaka 5, kisha haitakuwa na thamani. Lita ya mafuta inauzwa 5,000. Mbegu, umeme na vifungashio vya kila lita, baada ya kutoa kile unachopata kwa kuuza mashudu, vinagharimu 3,800. Kwa hiyo kila lita inaacha shilingi 1,200. Pango, mlinzi na mishahara ni milioni 12 kwa mwaka, uuze usiuze. Mwenye mtaji anataka asilimia 18 kwa mwaka, kwa kuwa ndicho anachoweza kupata katika biashara nyingine yenye hatari kama hii. Kodi tuiweke kando kwanza.

Mhasibu atakokotoa hivi. Uchakavu wa mashine ni milioni 60 kugawa kwa miaka 5, yaani milioni 12 kwa mwaka. Ukiongeza gharama za kudumu milioni 12, unapata milioni 24. Gawa kwa 1,200: lita 20,000 kwa mwaka. Hapo vitabu vinasema hakuna faida wala hasara, na mwenye mashine analala usingizi.

Asilale. Akiuza lita 20,000 kila mwaka, baada ya kulipa pango na mishahara anabaki na milioni 12 mkononi. Kwa miaka 5 ni milioni 60, zilezile alizoweka. Amerudishiwa fedha zake vipande vipande, na kusubiri kwake hakukulipwa hata senti. Kwa kiwango cha asilimia 18, milioni 12 kila mwaka kwa miaka 5 zina thamani ya leo ya milioni 37.5 tu. Ukitoa milioni 60, thamani halisi ya sasa ni hasi milioni 22.5. Vitabu vinaonyesha sifuri, naye amepoteza zaidi ya theluthi moja ya mtaji wake.

Kuupata mpaka wa kweli si kazi ngumu. Badala ya uchakavu, weka kiasi ambacho mashine lazima ilete kila mwaka ili irudishe milioni 60 pamoja na asilimia 18 juu ya kile ambacho bado hakijarudi. Kwenye Excel ni mstari mmoja:

```
=PMT(18%,5,-60000000)
```

Jibu ni kama milioni 19.19. Ongeza milioni 12 za gharama za kudumu, upate milioni 31.19, kisha gawa kwa 1,200. Unapata takriban lita 26,000 kwa mwaka. Tofauti kati ya 20,000 na 26,000 ni malipo ya kusubiri na ya kubeba hatari, ambayo uchakavu hauyajui.

Sasa geuza swali. Tuseme mwenye mradi anatarajia kuuza lita 30,000 kwa mwaka. Kwa upande wa kiasi, mauzo yanaweza kushuka kwa zaidi ya asilimia 13 kabla hajagusa mpaka. Hiyo inatia moyo. Kwa upande wa bei, gawa milioni 31.19 kwa lita 30,000: kila lita lazima iache shilingi 1,040. Maana yake bei ya chini kabisa anayoweza kuvumilia ni 4,840. Bei ya 5,000 ikishuka kwa shilingi 160 tu, ambayo ni asilimia 3 na kidogo, mradi umegota. Hapa ndipo wanafunzi wangu wengi hushtuka, na wana haki. Lita isiyouzwa inakuondolea 1,200 tu, maana mbegu zake hukuzinunua. Shilingi inayoshuka kwenye bei inaondoka yote, tena kwenye kila lita. Biashara zinazobakiza kidogo kwa kila kitu kinachouzwa, kama kukamua mafuta, kusaga nafaka au kuuza dizeli, zina mwanya mpana wa kiasi na mwanya mwembamba mno wa bei. Na mkamuaji wa Singida hajipangii bei. Mafuta ya mawese kutoka nje yako kwenye rafu ileile ya duka.

Kwa sababu hiyo nawasihi wanaoanza wasimalize siku nzima wakibishana juu ya kiwango cha kupunguzia. Kishushe kutoka asilimia 18 hadi 12, ambayo ni tofauti kubwa, na mpaka wetu unashuka kutoka lita 26,000 hadi karibu 23,900. Acha kiwango kilivyo, kisha punguza bei kwa shilingi 100: mpaka unapanda hadi karibu lita 28,400. Shilingi mia moja zimeusogeza kuliko asilimia sita za riba. Muda wa utafiti uende kwenye bei ya mbegu na bei ya mafuta.

Kuna mambo mawili ambayo mara nyingi huachwa nje ya hesabu, na yote yanaupandisha mpaka. La kwanza ni fedha zinazolala kwenye ghala. Alizeti huvunwa mara moja kwa mwaka, na mkamuaji anayetaka mashine izunguke miezi yote hununua mbegu wakati wa mavuno na kuziweka. Tuseme wakati wote ana milioni 20 zilizofungwa kwenye magunia, ambazo atazipata zote mradi ukiisha. Kwa mhasibu hiyo si gharama, kwa kuwa fedha zitarudi. Lakini asilimia 18 ya milioni 20 ni milioni 3.6 kila mwaka, sawa na lita 3,000 zaidi. Mpaka unafika karibu 29,000, na mwanya uliokuwa ukitutia moyo umebaki lita 1,000.

La pili ni kodi. Wanaoanza hudhani kodi haiwezi kuuhamisha mpaka, kwa kuwa mahali pasipo faida hapana kodi. Hiyo ni kweli kwa mpaka wa mhasibu. Kwa mpaka wetu si kweli: kwenye lita 26,000 vitabu tayari vinaonyesha faida, na mkusanya kodi hatambui gharama ya mtaji wa mwenyewe. Kwa kodi ya asilimia 30, hata tukiyasahau magunia, mpaka unapanda hadi kama lita 28,600, na bei ya chini kwa mauzo ya lita 30,000 inakuwa karibu 4,940. Mwanya wa bei ni shilingi 60 hivi.

Njia hii ya kugawa kwa mkono inafaa pale tu miaka inapofanana. Mradi halisi huanza polepole: mwaka wa kwanza wateja hawajaijua nembo yako, wa pili wanaongezeka. Hapo panga jedwali la mwaka kwa mwaka, weka mauzo kwenye kisanduku kimoja kinacholisha miaka yote, kisha tumia zana ya Goal Seek ya Excel kutafuta ni tarakimu gani inayoifanya thamani halisi ya sasa iwe sifuri. Ukiona jibu linakaribia sana lile la mhasibu, rudi kwenye jedwali. Kuna uwezekano umejumlisha mapato bila kuyapunguza kulingana na miaka yake, au umehesabu uchakavu kana kwamba ni fedha inayotoka kila mwaka, badala ya kuweka mtaji wote mwanzoni.

Jambo moja hesabu hii haifanyi. Inashika kitu kimoja na kuviacha vingine vimesimama, ilhali sokoni vinakwenda pamoja. Mwaka wa mavuno mabaya mbegu hupanda bei na pia hazipatikani, kwa hiyo faida ya kila lita inapungua na lita zenyewe zinapungua. Mwanya wa asilimia 13 na mwanya wa asilimia 3 haijaribiwi kwa zamu. Tena mpaka haukwambii uwezekano wa kuuvuka. Unakwambia uko wapi tu. Uwezekano huo unautafuta nje ya ofisi, kwa kuuliza mashine ya aina hiyo inakamua lita ngapi kwa siku, umeme unakatika mara ngapi, na wenye mashine kama hiyo wilayani wanauza lita ngapi kwa mwaka.

Kwa hiyo ukipata 29,000 kwenye jedwali lako, na mkamuaji mzoefu wa jirani anauza 22,000, usinunue mashine hiyo, hata kama mhasibu amekuhakikishia kuwa 20,000 zinatosha.