Gauni la Kulalia kwa Usiku wa Fukuto: Pamba, Viskosi au Poliesta?

Ukienda Kariakoo mwezi wa Februari kutafuta gauni la kulalia, utakuta magauni yanayometameta yametundikwa mbele ya duka, na muuzaji atakuambia, "Hii satini, dada, laini kabisa." Hakudanganyi. Satini kweli, na laini kweli. Ila satini si jina la uzi. Ni namna ya kufuma, ambapo uzi hurukishwa juu ya nyuzi nyingine kadhaa kabla ya kuzamishwa, ndiyo maana uso wake unateleza na kung'aa. Kuna satini ya hariri, ya pamba, ya viskosi na ya poliesta, na ile ya bei nafuu unayoikuta dukani kwa kawaida ni poliesta. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, muulize muuzaji kitambaa kimefumwa kwa uzi gani. Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua kama utalala au utageuka kitandani hadi alfajiri.

Nazungumzia usiku wa Pwani wakati wa kaskazi. Dar es Salaam mwezi wa Februari, joto la usiku hushuka kwa shida chini ya nyuzijoto 25, na hewa imejaa unyevu wa bahari. Mwili unapotaka kulala hujipunguzia joto, na njia yake kubwa wakati wa fukuto ni jasho. Lakini jasho halipozi kwa kutoka tu. Hupoza linapokauka na kuondoka na joto la ngozi. Hewa ikiwa imeshiba unyevu, jasho hukauka polepole. Ukiwa ndani ya chandarua, ambamo upepo wa feni unafika umechoka, hukauka polepole zaidi. Sasa fikiria kuna kitambaa katikati ya ngozi na hiyo hewa nzito. Kazi yake ni kupokea unyevu usitulie mwilini, na kuupitisha nje.

Hapo ndipo nyuzi hizi tatu zinapoachana. Chukua magauni matatu, kila moja lina uzito wa gramu 200, yote makavu kabisa, uyaweke katika hewa ya unyevu wa wastani. La pamba litavuta gramu 16 hivi za mvuke na kuzificha ndani ya nyuzi zake, na ukilishika utasema ni kavu. La viskosi litavuta gramu 24 au zaidi kidogo. La poliesta halitafikisha hata gramu moja. Hewa ikizidi unyevu, pamba na viskosi huvuta zaidi ya hapo. Poliesta inabaki vilevile kwa sababu uzi wake ni wa jamii ya plastiki, umetokana na mafuta ya petroli, na maji hayapati pa kuingilia. Mvuke wa mwili wako unabaki na njia moja tu, yale matundu madogo kati ya uzi na uzi. Satini iliyofumwa kwa kubanana ina matundu machache, basi jasho linakusanyika juu ya ngozi, gauni linanata mgongoni, na unaamka saa nane usiku ukijivua.

Wako watakaonipinga kwa kunionyesha jezi za mpira. Wachezaji wanavaa poliesta na wanakimbia dakika 90, mbona hawalalamiki? Ni kweli, lakini jezi zile zimefumwa kwa nyuzi nyembamba zenye matundu mengi, makusudi ili jasho lisambae upana wote wa kitambaa na kukaushwa na upepo. Mchezaji anakimbia, kwa hiyo upepo anao. Wewe umelala chali na shuka chini ya mgongo wako. Hata hivyo nakiri jambo moja: poliesta nyepesi, pana, yenye matundu, inaweza kumzidi mtu aliyevaa fulana nzito ya pamba. Uzi ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni wepesi wa kitambaa na upana wa mshono.

Kasoro ya poliesta inayonisumbua zaidi ni harufu. Maji hayaingii kwenye uzi wake, lakini mafuta ya mwili yanaupenda na kung'ang'ania juu yake. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya kulinganisha fulana za watu 26 baada ya mazoezi makali. Fulana za poliesta zilinuka vibaya zaidi kuliko za pamba, na bakteria wa harufu walistawi zaidi juu yake. Ndiyo maana gauni la poliesta linaweza kutoka kwenye kamba likinukia sabuni, na nusu saa baada ya kulivaa harufu ya jana inarudi. Ukiwa nalo, lifue mapema kabla mafuta hayajazoea, ligeuze ndani nje, tumia maji ya uvuguvugu, na acha kabisa dawa ya kulainisha nguo, kwani huacha utando unaofungia harufu ndani. Pasi iwe ya moto mdogo. Ya pamba itaifanya ing'ae madoa au iyeyuke.

Katika kufua kwenyewe, poliesta haina mpinzani. Hairudi, haikunjiki ovyo, na ukiikamua usiku, asubuhi inavalika. Vyandarua vingi tunavyolalia vimefumwa kwa poliesta kwa sababu hizohizo: havinywi maji na havichakai upesi. Tabia inayofaa chandarua siyo lazima ifae ngozi.

Viskosi ndiyo inayowachanganya watu. Lebo nyingine huiandika rayoni. Asili yake ni mti: rojo ya mbao huyeyushwa kwa kemikali na kuvutwa upya kuwa uzi, ufundi uliopatikana Uingereza mwaka 1892. Kwa hiyo haitoki shambani moja kwa moja kama pamba, wala si plastiki kama poliesta. Madera mengi yale yanayomiminika mwilini, yanayohisi baridi ukiyagusa, ni ya viskosi. Kwa usiku wa joto sijavaa kitu kinachopoa kama hicho. Inanywa mvuke kuliko pamba, inashuka kwa uzito wake badala ya kusimama, na hainati haraka.

Gharama yake unailipia kwenye beseni. Uzi wa viskosi ukilowa hupoteza karibu nusu ya nguvu zake, wakati wa pamba ukilowa unazidi kuwa imara. Mimi nililijua hilo kwa hasara. Nilikuwa na dera la maua ya buluu, nikalitia kwenye mashine pamoja na suruali za jinzi, kisha nikalitundika mabegani likiwa linachuruzika maji. Lilipokauka, mabega yalikuwa yamevutika na kwapa moja limeachia mshono, na bado urefu ulikuwa umepungua. Nguo ya urefu wa sentimita 130 ikirudi kwa asilimia 5 tu, imepoteza sentimita 6 na nusu, na gauni lililokuwa linafika kifundo cha mguu sasa linaonyesha muundi.

Tangu hapo nafua viskosi kwa mkono, maji baridi, sabuni kidogo, bila kusugua kitambaa kwa kitambaa. Siikamui kwa kuisokota. Naibana katikati ya taulo kavu, naikunja na taulo lake, naikandamiza, halafu naianika kivulini ikiwa imelazwa juu ya kamba mbili au tatu, ili uzito wa maji usiivute upande mmoja. Ukishika gauni la viskosi lililolowa utashtuka jinsi lilivyokakamaa. Usiogope, litalainika likikauka. Pasi ipite upande wa ndani, likiwa na unyevu kidogo.

Pamba haina siri kubwa, na hilo ndilo linalonifanya niipende. Unaweza kuisugua, kuichemsha ikiwa nyeupe, kuipiga pasi ya moto, ikarudi kazini. Lakini chagua pamba nyepesi ya kufumwa, ile ukiinyanyua kwenye mwanga unaona kivuli cha vidole vyako. Khanga kuukuu iliyofuliwa mara nyingi ni kipimo kizuri. Fulana nene ya pamba hunywa jasho jingi na kulishikilia, kisha feni ikikupiga alfajiri unaamka na ubaridi kifuani. Ukinunua kitambaa ili fundi akushonee, kiloweke na kukianika kwanza, kwa kuwa pamba nayo hurudi katika mfuo wa kwanza. Udhaifu wake mwingine huonekana wakati wa masika: inachelewa kukauka, na ikikunjwa na unyevu inaota ukungu wa madoadoa meusi ambayo hayatoki kirahisi. Bora uwe na magauni matatu ya kupokezana kuliko moja unalolivaa halijakauka vizuri.

Lebo ikiwa imekatwa, kama ilivyo kwenye mitumba mingi, vuta uzi mmoja kutoka kwenye pindo la ndani. Ushike kwa koleo juu ya sahani, mbali na kitu cha kushika moto, uuwashe. Poliesta itajikunja, itayeyuka na kuacha tone gumu jeusi. Pamba na viskosi zitawaka kama karatasi, na majivu yake yanasagika vidoleni. Kutenganisha hizo mbili, chukua uzi mwingine, ulowanishe katikati kwa ulimi, uvute pande zote mbili. Ukikatika kwa urahisi palepale palipolowa, ni viskosi. Ukigoma, au ukikatikia mahali pakavu, ni pamba. Uzi ukiwaka kama karatasi lakini ukaacha chembe ngumu, una mchanganyiko wa poliesta. Kitambaa kipya usikipime kwa tone la maji juu yake, maana wanga wa kiwandani huzuia hata pamba kunywa mpaka ifuliwe mara moja.

Kwa anayetokwa na jasho jingi, mama anayenyonyesha, au mtoto mwenye vipele vya joto, ningenunua pamba nyepesi bila kufikiri mara mbili, kwa sababu nguo zao zinafuliwa kila siku na viskosi haitahimili. Anayefua mwenyewe kwa mkono na ana kivuli cha kuanikia, ajipatie dera moja la viskosi kwa zile usiku ambazo hata feni haisaidii. Ile satini ya poliesta ninayo moja, na naivaa Julai, kusi inapovuma.