Nani anaisha kwanza kwenye vati?

Ndugu wa mwaka wa kwanza, tutoke kwenye maswali ya kitabu, twende Geita, kwenye vati za marudio. Pale dhahabu inayeyushwa kwa sayanidi na oksijeni ya hewa:

4Au + 8NaCN + O₂ + 2H₂O → 4Na[Au(CN)₂] + 4NaOH

Kisha zinki inaweza kuirudisha:

2Na[Au(CN)₂] + Zn → Na₂[Zn(CN)₄] + 2Au

Tuseme mchanga una dhahabu gramu 197, yaani moli 1, nasi tunaweka NaCN gramu 49, moli 1 pia. Usidanganywe na usawa huo. Kila moli ya dhahabu inataka moli 2 za sayanidi, kwa hiyo sayanidi ndiyo inayoisha kwanza. Inaweza kuyeyusha dhahabu moli 0.5 tu: gramu 98.5. Hata ukijaza zinki, haiongezi kitu.

Hatua ya kwanza ikitoa asilimia 90 na ya pili 80, zidisha, usitafute wastani: 0.9 × 0.8 = 0.72. Tunapata gramu 70.92.

Ukipata asilimia 36, umegawanya kwa 197 badala ya 98.5. Na kwenye vati halisi shaba nayo hula sayanidi, kwa hiyo kikomo hufika mapema zaidi.