Kuuliza Picha kwa Sauti

Kuuliza picha kwa sauti ni kupiga picha ya kitu kwa simu, kutamka swali kuhusu kitu hicho, kisha kusikiliza jibu. Mwulizaji haandiki hata neno moja. Picha na sauti huingia katika mazungumzo yaleyale, na swali la pili linaweza kuendelea pale la kwanza lilipoishia bila picha kupigwa upya. Siku hizi kazi hii hufanywa na programu za akili mnemba, lakini ilianza kabla mashine hazijaweza kuifanya, na walioianza ni watu wasioona.

Mwaka 2010 kundi la watafiti wa Marekani, akiwemo Jeffrey Bigham, lilieleza programu ya simu iliyoitwa VizWiz. Asiyeona alipiga picha, akarekodi swali lake, na jibu likatoka kwa watu waliolipwa kujibu kupitia mtandao. Mwaka 2015 ilizinduliwa Be My Eyes, iliyobuniwa na Hans Jørgen Wiberg wa Denmark, ambayo iliwaunganisha wasioona na wajitoleaji wanaoona kwa simu ya video. Mwaka 2023 programu hiyo iliongeza akili mnemba inayoeleza picha, na Septemba mwaka huohuo ChatGPT ilitangazwa kuwa itapokea picha na sauti.

Kazi ya VizWiz iliacha funzo ambalo halijapitwa na wakati. Mwaka 2018 ulitolewa mkusanyo wa maswali zaidi ya 31,000 ambayo wasioona walikuwa wameyauliza kwa njia hiyo. Watu wenye macho mazima walipopewa maswali hayo na picha zake, zaidi ya robo ya maswali hayakujibika. Picha nyingine zilikuwa na ukungu au giza, nyingine zilikata maandishi katikati, na nyingine hazikuwa na kitu kilichoulizwa. Swali lilikuwa sahihi, ila picha haikubeba jibu. Mashine ya leo inakutana na tatizo lilelile, na kwa kuwa inaweza kujibu kwa ufasaha hata pale isipoona vizuri, anayeitumia anahitaji kujua sauti inapita wapi, picha inapita wapi, na kosa huingilia wapi.

Njia ya sauti

Maikrofoni ya simu hupima mtikisiko wa hewa maelfu ya mara kwa sekunde. Mifumo mingi ya kutambua usemi hutumia vipimo 16,000 kwa sekunde. Vipimo hivyo hugeuzwa kuwa mchoro unaoonyesha nguvu ya sauti nene na nyembamba kadiri muda unavyokwenda, na kutoka katika mchoro huo mfumo hukadiria maneno yaliyosemwa.

Katika programu nyingi kazi hugawanywa kwa hatua tatu. Mfumo wa kwanza hugeuza usemi kuwa maandishi, wa pili husoma maandishi hayo pamoja na picha na kuandika jibu, na wa tatu hulisoma jibu kwa sauti. Njia hii ina faida moja kubwa: maneno yaliyosikika huonekana kwenye kioo, hivyo mtu anaweza kuhakikisha kwamba alichosema ndicho kilichopokelewa. Kasoro yake ni kwamba kosa la hatua ya kwanza hupita hadi mwisho. Neno likisikika vibaya kwa sababu ya kelele za barabarani au lafudhi ambayo mfumo haukuizoea, picha nzuri kabisa itapewa jibu la swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Mei 2024 kampuni ya OpenAI ilitangaza GPT-4o, mfumo mmoja unaopokea sauti, picha na maandishi bila kupitia hatua hizo tatu. Kwa maelezo ya kampuni hiyo, muda wa kungoja jibu la sauti ulishuka kutoka wastani wa sekunde 5.4 kwa GPT-4 hadi sekunde 0.32. Mazungumzo yakawa ya haraka, lakini maneno yakipita moja kwa moja bila kuandikwa kwanza, mtu hana budi kusikiliza kwa makini zaidi kama swali lake limeeleweka.

Njia ya picha

Picha ya kawaida ya simu ina upana wa pikseli 4,000 hivi na urefu wa 3,000. Aghalabu haifiki kwenye mfumo ikiwa na ukubwa huo, kwa sababu hupunguzwa njiani ili kuokoa muda na nguvu za kompyuta. Ikipunguzwa mara nne, herufi iliyokuwa na kimo cha pikseli 40 hubaki na 10.

Baada ya hapo picha hukatwa vipande vidogo vya mraba. Mwaka 2020 watafiti wa Google walieleza mbinu iliyoenea sana tangu wakati huo, ambayo hutumia vipande vya pikseli 16 kwa 16. Kila kipande hugeuzwa kuwa orodha ya namba, na mfumo huvilinganisha vipande vyote kutafuta vinavyohusiana. Herufi yenye kimo cha pikseli 10 ni ndogo kuliko kipande kimoja. Ndiyo maana mfumo unaweza kutambua kwa usahihi kwamba kilicho mezani ni boksi la dawa, lakini ukakosea tarehe iliyochapwa ukingoni mwake.

Vinapokutana

Maneno ya swali nayo hugeuzwa kuwa namba za aina ileile, na hapo ndipo sauti na picha vinapokutana. Swali huelekeza mfumo uvitazame zaidi vipande vipi. Mtu akiuliza “Hii inaisha muda lini?”, neno “hii” halina kidole cha kunyoosha, mfumo hukisia kinachokusudiwa kwa kuangalia kilicho kikubwa katika picha na yaliyozungumzwa awali. Kikiwepo kitu kimoja tu mbele ya kamera, kukisia huko hufaulu. Vikiwa viwili, au picha ya pili ikiwa imeongezwa kwenye mazungumzo, jibu linaweza kuhusu kitu kingine kabisa. Ni salama zaidi kukitaja kitu kwa jina, rangi na mahali kilipo: “boksi la njano lililo kushoto, katika picha ya pili.”

Mfano wa dawa ya mseto

Mzee mmoja ambaye macho yake hayasomi tena maandishi madogo ana boksi la dawa ya mseto ya malaria, na anataka kujua kama bado inafaa kutumika. Analiweka mezani, anapiga picha ya upande wa mbele, anauliza tarehe ya mwisho wa matumizi. Katika picha hiyo jina la dawa linaonekana, pamoja na nguvu ya kila kidonge: miligramu 20 za atemetha na 120 za lumefantrini. Tarehe haimo, kwa kuwa kwa kawaida huchapwa kwenye ubavu au ncha ya boksi. Mfumo unaofanya kazi vizuri utaeleza kwamba haioni. Ukitaja tarehe hapo, tarehe hiyo ni ya kubuni.

Kwa hiyo anageuza boksi na kupiga picha ya ncha yake. Maandishi ya hapo mara nyingi yamegandamizwa kwenye karatasi bila wino, na yakimulikwa moja kwa moja na flashi hufifia. Mwanga wa dirishani unaotoka ubavuni huzipa herufi kivuli, zikasomeka. Analisogeza boksi hadi ncha ijaze sehemu kubwa ya kioo, na kulilaza ili maandishi yasisimame wima.

Sasa swali linabadilika. Badala ya kuuliza dawa inaisha lini, anaomba asomewe mistari yote iliyopo, herufi kwa herufi. Anasomewa mitatu: namba ya toleo, kisha MFG 03/2024, kisha EXP 02/2026. MFG ni tarehe ya kutengenezwa na EXP ni ya mwisho wa matumizi. Kosa la kawaida ni kuchukua moja badala ya nyingine, na likitokea hugundulika, kwa sababu EXP lazima iwe baada ya MFG. Mstari mmoja peke yake usingempa nafasi ya kulinganisha. Akiwa bado na shaka, anapiga picha nyingine ya ncha ileile kutoka upande mwingine na kuomba isomwe upya katika mazungumzo mapya. Ndani ya mazungumzo ya zamani mfumo huelekea kushikilia jibu lake la kwanza, na akiuliza kwa kuashiria jibu, kwa mfano “Ni 2026, sivyo?”, huelekea kukubaliana naye.

Hatari nyingine iko kwenye jibu lenyewe linaposikika. Dozi ya pili ya dawa hii hunywewa saa nane baada ya ya kwanza. Jibu lisemalo “dozi ya pili, saa nane” linaweza kusikika kama saa nane mchana. Aliyeanza dawa saa moja asubuhi anapaswa kunywa ya pili saa tisa alasiri. Majibu yenye saa, tarehe na vipimo yafaa yasomwe pia kwenye kioo, au yaulizwe tena kwa namna nyingine: “Nikianza saa moja asubuhi, ya pili nainywa saa ngapi?”

Yanayokwenda na picha

Kwa kawaida picha na sauti hutumwa kwenye kompyuta za kampuni yenye programu, wala hazibaki kwenye simu peke yake. Katika kutayarisha mkusanyo wa VizWiz, watafiti waliyaandika maswali na kuziacha sauti zenyewe, kwa kuwa sauti humtambulisha mtu, na waliziondoa picha zilizofichua siri za wenyewe. Mtumiaji anaweza kufanya vivyo hivyo mapema: kukata pembezoni mwa picha kabla ya kuituma, na kuangalia kama mezani hapakuachwa kitambulisho, kadi ya benki au cheti cha hospitali.

Kuna pia yasiyokuwemo katika picha hata ikiwa safi kiasi gani. Boksi la vidonge 24 vya dawa ya mseto ni dozi ya mtu mwenye uzito wa kilo 35 au zaidi: vidonge vinne mara mbili kwa siku, kwa siku tatu. Mtoto mwenye uzito wa chini ya kilo 15 hupewa kidonge kimoja kila mara, jumla vidonge sita. Uzito wa mgonjwa hauko kwenye boksi, wala ujauzito wake, wala dawa nyingine anazotumia. Picha haionyeshi kama dawa ilikaa juani, wala haithibitishi kwamba si bandia. Yaliyochapwa yanaweza kusomwa kwa simu. Haya mengine huulizwa kwa mfamasia au mhudumu wa afya, boksi likiwa mkononi.